Mgongo sahihi, saa si yenyewe: kisa cha Seiko ya kuzamia kutoka Maskati

Kisa hiki ni cha kazi yangu ya ufundi saa mjini Mombasa. Mteja namwita Mteja, na mzee aliyemtafutia saa namwita Ami, maana ndivyo Mteja anavyomwita: ni mdogo wa babake, anayeishi Maskati miaka mingi. Muuzaji hana jina hapa, na namba ya saa nimeificha isipokuwa herufi mbili za mwanzo. Kosa moja kubwa ndani ya kisa ni langu, nimeliacha kama lilivyo.

Usuli

Mteja alikuwa akitafuta SKX007. Kwa asiyeijua, ni Seiko ya wazamiaji iliyotoka mwaka 1996 ikachukua nafasi ya 7002, na ikaendelea kutengenezwa hadi ilipoondolewa karibu na 2019. Bodi yake, yaani sanduku la chuma linaloshika mashine, ina upana wa milimita 42.5 na mkanda wa milimita 22. Ina pete ya juu inayozunguka upande mmoja tu, kichwa cha kuvutia, kile cha pembeni cha kurekebishia saa, kimekaa usawa wa namba 4 badala ya namba 3, na kwenye dirisha la namba 3 kuna siku na tarehe. Ilikuwa saa ya mtu wa kawaida, na tangu iondoke sokoni bei yake imepanda. Bei ilipopanda, wakaja wa kuziunga kwa vipande vya saa tofauti.

Ami alimpata mtu anayeuza moja kwa riali 100. Maneno ya muuzaji yalikuwa matatu: saa ni SKX007J, yaani ile yenye chapa ya Japani, ilinunuliwa mpya palepale Maskati mwaka 1998, na haijawahi kufunguliwa.

Mteja akaniletea kazi hiyo kwa sentensi moja: "Fundi, niangalizie, nisije nikanunua bati."

Picha nne

Kabla ya picha nilimuuliza Ami kwa sauti kichwa cha saa kiko wapi. Akajibu, "Kiko saa kumi, Fundi." Nikakaa kimya. Mimi niliyezoea kusoma namba za kwenye uso niliwaza namba 10, yaani kichwa upande wa kushoto, na nikaanza kufikiri huenda tumeletewa kitu kingine kabisa. Kumbe mzee anazungumza Kiswahili chake safi: mshale mfupi ukiwa kwenye 4, saa ni kumi. Tangu siku hiyo huuliza "kwenye namba ngapi", na mtu anayefanya kazi hii kwa simu na watu wa pwani na afanye hivyo.

Picha zilikuja nne: uso, mgongo, ubavu na mkanda. Nilianza kwa kuondoa zile zinazofanana nayo.

Ya kwanza kuondoka ni 7002, iliyokuwa sokoni kabla yake. Kwa mbali ni pacha: saa nyeusi ya kuzamia, kichwa namba 4, mchoro uleule wa wimbi mgongoni. Lakini 7002 ina tarehe peke yake, haina siku. Kwenye picha dirisha lilionyesha FRI na 14, basi 7002 imetoka.

Ya pili ni SRPD55, Seiko 5 Sports iliyotoka mwaka 2019. Hii ndiyo inayowanasa wengi, kwa kuwa bodi yake imechukua umbo na upana wa SKX. Tofauti ziko wazi ukijua pa kutazama: usoni ina nembo ya 5, maji inayovumilia ni mita 100 na si 200, mgongo wake una kioo unachoona mashine kupitia, na kichwa chake huvutwa moja kwa moja bila kufunguliwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Saa ya Ami ilikuwa na mgongo wa chuma wenye wimbi, na usoni imeandikwa DIVER'S 200m. SRPD55 nayo ikatoka.

Ya tatu ni SKX013, mdogo wake. Sura ni moja, ila bodi ni ya milimita 38 hivi, na picha haina rula. Hapa mgongo ulisaidia. Migongo ya Seiko huandikwa namba mbili zilizounganishwa kwa kistari: ya kwanza ni mashine, ya pili ni bodi. SKX013 huandikwa 7S26-0030. Ya kwetu ilisomeka 7S26-0020, ambayo ndiyo bodi ya SKX007.

Chini yake namba ya saa ilianza na 8N. Katika saa hizi tarakimu ya kwanza ni mwisho wa mwaka, na ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kwa Januari mpaka Septemba, kisha O, N na D kwa miezi mitatu ya mwisho. Basi 8N ni Novemba ya mwaka unaoishia na 8. Kwa SKX hiyo ni 1998, au 2008, au 2018. Muuzaji alisema 1998, na namba haikumpinga.

Lilibaki jambo la J. Zenye chapa ya Japani huandikwa usoni 21 JEWELS, yaani vito 21, na pia kwamba zimetengenezwa Japani. Kwenye picha maneno hayo hayakuwepo. Nikamwambia Mteja: muuzaji amepamba kidogo, hii si J. Ni SKX007 ya kawaida, lakini ni yenyewe.

Hapo ndipo nilipokosea.

Uamuzi

Tulikubaliana Ami alipe riali 50, saa ije na msafiri anayerudi Mombasa, na zilizobaki zilipwe nikishaishika mkononi. Muuzaji alikubali kwa sababu Ami anafahamika mtaani kwao. Wazo la kugawa malipo lilikuwa la Mteja, wala si langu. Mimi nilikuwa nimeridhika kiasi cha kumwambia alipe zote.

Sababu ya kuridhika kwangu ilikuwa moja: mgongo. Niliona 7S26-0020 nikafunga shauri.

Saa mkononi

Saa ilifika Jumanne. Bodi ilikuwa na mikwaruzo ya umri wake, na pembe za masikio yanayoshika mkanda zilikuwa bado kali, dalili kwamba haijasuguliwa sana kwa mashine ya kung'arisha. Nikafungua kichwa kwa kuzungusha. Skrubu yake ilishika vizuri. Nikafurahi tena, maana ubavu wa SRPD haungekuwa na kichwa cha namna hiyo.

Kisha nikavuta kichwa hadi mwisho ili nirekebishe saa. Mshale wa sekunde ukasimama.

Ningependa msomaji akae hapa kidogo. Mashine ya 7S26 haisimamishi sekunde. Ukivuta kichwa chake hadi mwisho, mshale wa sekunde unaendelea kutembea kana kwamba hukuugusa. Tena 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono: ukizungusha kichwa kikiwa ndani, hakuna kinachojikaza, hujazwa na mwendo wa mkono wa mvaaji. Nikarudisha kichwa hatua ya kwanza, nikakizungusha taratibu karibu na sikio. Trrr, trrr. Springi ilikuwa inakazwa.

Ilikuwa saa yenye 7S26 mgongoni na mashine nyingine tumboni. Na jaribio hilo halihitaji kufungua saa wala kifaa chochote. Ni la sekunde kumi.

Nikaenda kwenye siku. Diski ya siku ya Seiko hizi huwa na lugha mbili, na unapozungusha kichwa kikiwa hatua ya kati kila siku hupita mara mbili. Zilizouzwa Uarabuni kwa kawaida huwa na Kiingereza na Kiarabu. Kuna wateja huku kwetu wanaoona Kiarabu ndani ya dirisha wakadhani saa ni feki, na mambo ni kinyume: kwa saa iliyonunuliwa Maskati, Kiarabu ndicho unachokitarajia. Nikazungusha. FRI. Ikafuata VIE.

VIE ni Ijumaa kwa Kihispania. Yenyewe haithibitishi kitu, kwa kuwa Seiko halali za soko la Amerika zina Kihispania, na saa husafiri kama watu. Lakini hadithi ya muuzaji ilikuwa kwamba saa ilinunuliwa mpya Maskati na haijafunguliwa. Hadithi hiyo na VIE haziwezi kukaa chumba kimoja kwa raha.

Nikachukua lenzi. Ukingoni kabisa mwa uso, chini ya namba 6, Seiko huchapa maandishi madogo sana yenye namba ya mashine na namba ya uso. Macho matupu huyaona kama uchafu. Hapa hayakuwepo. Nilipotazama dirisha kwa lenzi hiyohiyo, tarehe 14 ilikuwa imekaa juu kidogo, karibu kuguswa na ukingo, na siku nayo haikuwa katikati. Katika saa yenye kichwa namba 4 mashine nzima imezungushwa ndani ya bodi, na diski za siku na tarehe huchapwa kwa kuzingatia mahali hapo. Mtu akiweka mashine yenye diski za kichwa cha namba 3, maandishi hayakai sawasawa dirishani. Mvaaji hatajua. Ukijua sababu, huwezi kuacha kuliona.

Usiku nikaimulika tochi kwa dakika moja, nikazima taa. Alama za uso ziliwaka kijani dhaifu zikafifia haraka. Mishale iliendelea kung'aa muda mrefu baadaye. Uso na mishale havikutoka kiwanda kimoja, au angalau havikupakwa rangi moja. Mishale ndiyo iliyokuwa na tabia ya Seiko.

Ndani

Asubuhi nikampigia Mteja kuomba ruhusa ya kufungua. Akasema, "Fungua tu, Fundi, roho itulie."

Mgongo ulitoka kwa ufunguo wa meno matatu. Mashine ilikuwa NH36, imeandikwa wazi. NH36 ni ndugu wa karibu wa 4R36, mashine ambayo Seiko huiweka kwenye saa zake, na inauzwa kwa mafundi na watengenezaji wengine, na inaingia ndani ya bodi ya SKX bila kuchonga kitu. Ndiyo maana hutumiwa sana na wanaounga saa. Si mashine mbaya. Kwa matumizi ya kila siku ningesema inamfaa mtu zaidi ya 7S26, kwa kuwa unaweza kuisimamisha na kuitia ufunguo.

Kama ingekuwa ile ya 1998 ningetarajia kuona 7S26A, maana herufi A ndiyo ya mwanzo, B na C zikafuata miaka ya baadaye. Herufi hiyo ndiyo ingetusaidia kuchagua kati ya 1998, 2008 na 2018. Kwa kuwa mashine imeondolewa, mwaka wa bodi hii umebaki na majibu matatu.

Mkanda nilikuwa nimeuacha mwisho kwa makusudi. Ulikuwa wa pingili tano kwa safu, tatu ndogo katikati, kama ule uliokuja na SKX007K2, yaani SKX007 iliyouzwa na mkanda wa chuma. Lakini ncha zake zinazokumbatia bodi zilikuwa chuma kizima kizito. Za kiwandani ni bati lililokunjwa, tupu ndani, na hutoa sauti ya kugongana ukiutikisa mkanda. Huu ulikuwa bora kuliko wa asili na haukuwa wa asili. Sikuuhesabu dhidi ya muuzaji. Mkanda hubadilishwa na kila mtu, na saa inayouzwa na mkanda wake wa kwanza baada ya miaka ishirini ndiyo ya kushangaza.

Hukumu na malipo

Nilimwandikia Mteja hivi: bodi ni ya Seiko, mgongo ni wa Seiko na unaendana na bodi, mishale huenda ni ya Seiko. Uso, mashine na mkanda si vya saa hii.

Akauliza, "Basi ni SKX007 iliyofanyiwa matengenezo, au siyo?"

Hili ndilo swali lililonifanya niandike kisa. Jina SKX007 halijaandikwa popote kwenye saa. Liko kwenye lebo ya karatasi na kwenye boksi. Mgongo unataja bodi tu, na bodi 0020 inatumiwa pia na SKX009, ile yenye pete ya buluu na nyekundu na uso wa buluu iliyokoza. Kinachotofautisha 007 na 009 ni uso na rangi ya pete, na rangi ya pete ni kipande chembamba kinachobanduliwa na kubandikwa kingine kwa dakika tano. Uso wa kwanza umeondoka. Kwa hiyo bodi hii huenda ilizaliwa 007 au 009, na hakuna kilichobaki ndani yake cha kutuambia ni ipi.

Ami alirudi kwa muuzaji na picha zangu. Mtu yule alisema naye aliinunua hivyo hivyo sokoni, na hadithi ya 1998 aliipokea pamoja na saa. Huenda ni kweli. Waliafikiana riali 65 kwa jumla, yaani akaongezewa 15 juu ya zile 50. Mteja akaichukua akijua anachokivaa. Nilimbadilishia mpira wa mgongo, nikamwambia asiogelee nayo mpaka ipimwe kwa mashine ya mgandamizo, kwa sababu maandishi ya mita 200 yaliyo usoni yameandikwa na mtu asiyejua bodi imefungwaje.

Uchambuzi

Kilichotuokoa ni malipo ya nusu. Bila hayo, matokeo yangu yote yangekuwa habari tu ya kumsikitisha Mteja.

Kuondoa zinazofanana kulifanyika vizuri, na ningelifanya vilevile leo: siku dirishani dhidi ya 7002, nembo na kioo cha mgongo dhidi ya SRPD55, namba ya bodi dhidi ya SKX013. Tatizo ni kwamba kazi hiyo ilijibu swali la "ni aina gani", nikaichukulia kama imejibu pia swali la "je, vipande vyake ni vya pamoja". Aliyeunga saa hii hakujaribu kuigeuza aina nyingine. Alichukua bodi ya kweli akaijaza. Ukaguzi wa kulinganisha sura haumkamati mtu wa namna hiyo, kwa kuwa sura ndiyo aliyoipata sawasawa.

Mgongo niliupa uzito usiostahili. Ni kipande kinachotoka kwa kuzungushwa, na ndicho mnunuzi anachokiomba kwanza, kwa hiyo ndicho kinachohifadhiwa vizuri zaidi. Hata pale unapokuwa wa kweli, unashuhudia bodi peke yake. Namba ya mashine iliyoandikwa juu yake ni ahadi ya kiwandani, haikufungi wewe uliye mbele ya saa miaka ishirini baadaye.

Kukosekana kwa maneno 21 JEWELS kulikuwa ni mlango uliokuwa wazi. Muuzaji alisema J, uso ukasema si J. Nilitafsiri mgongano huo kama uongo mdogo wa biashara. Ningejiuliza pia kama uso wenyewe ndio uliobadilishwa, ningeomba picha ya karibu ya ukingo wa chini, na kutokuwepo kwa yale maandishi madogo kungeonekana kabla ya riali hata moja kutoka.

Zaidi ya yote niliomba picha, na picha haiwezi kukuonyesha sekunde. Sasa naomba video moja isiyokatwa: kichwa kinafunguliwa, kinavutwa hadi mwisho huku mshale wa sekunde ukionekana, kisha siku zinazungushwa mpaka lugha zote mbili zipite. Lazima niseme mipaka yake. Sekunde ikiendelea kutembea, hilo linaelekeza kwenye 7S26 lakini halisemi lolote kuhusu uso. Na sekunde ikisimama, si lazima saa nzima iwe ya kuunga. Wapo wenye SKX007 halali walioweka 4R36 au NH36 kwa hiari na kuacha kila kitu kingine. Hao husema wenyewe, na bei yao huwa na adabu.

Miezi michache baadaye Ami alituma video ya saa nyingine, bila kuombwa. Aliishika vizuri, mwanga ukiwa dirishani. Alivuta kichwa, sekunde ikaendelea. Akazungusha siku: FRI, kisha الجمعة. Tarehe ilikaa katikati. Pete ilikuwa nyeusi kabisa. Mwishoni akasikika akiuliza, "Haya Fundi, hii ndiyo 007 au nayo ina maneno?"

Nilirudia video mara tatu, kisha nikasimamisha pale alipoinamisha saa na jua likaingia pembeni ya kioo. Uso haukuwa mweusi. Ulikuwa buluu iliyokoza.

"Saa ni nzima, Ami," nikamjibu. "Ila hiyo ni 009 iliyovaa pete ya 007."